Watoto 24, mipira 12: mazoezi ambayo kila mtoto anaugusa mpira

Pita Jumamosi asubuhi kwenye viwanja vya shule za msingi hapa Kisumu, uwe Manyatta au Nyamasaria, na utakuta watoto wadogo wakifunzwa kandanda kwa namna mbili. Kuna foleni: watoto 12 nyuma ya jiwe, mmoja anakokota mpira hadi kwenye koni na kurudi, wengine wanasukumana na kuvutana jezi. Halafu kuna mechi ya kundi zima, mpira mmoja na vumbi tele.

Piga hesabu ya foleni hiyo. Zamu moja ikichukua sekunde 15, dakika 10 zina zamu 40. Gawia watoto 12, kila mmoja anapata zamu tatu, wachache wanapata ya nne. Yaani mtoto amecheza chini ya dakika moja na kusimama tisa. Mechi ya 12 kwa 12 haina nafuu. Dakika 20 ni sekunde 1,200, na hata mpira usipotoka nje kabisa, ukigawanya kwa watoto 24 kila mmoja anabaki na sekunde 50. Nazo hazigawanyiki sawa, kwa sababu wavulana wanne wenye mbio watachukua nusu yake.

Kwa hiyo kabla ya kufikiria zoezi lolote, jiulize mpira mmoja unagawanywa na watoto wangapi. Mwongozo huu ni wa kundi la watoto 24 wa miaka 6 hadi 8, wale wa Gredi ya 1 hadi ya 3, kwa saa moja, nusu uwanja wa shule, kocha mmoja na kijana mmoja mkubwa wa kumsaidia.

Mipira

Lengo ni mipira 12, mmoja kwa kila watoto wawili. Si lazima iwe ya dukani yote. Mimi huridhika nikiwa na mitano ya ngozi, mitatu ya plastiki na minne ya sponji ya kujitengenezea.

Ile ya ngozi iwe saizi ya 3. Saizi ya 5, ambayo ndiyo huletwa na mfadhili au mheshimiwa, ina mzunguko wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450. Ni mpira wa mtu mzima. Mtoto wa miaka 6 akiupiga kwa mguu mtupu ataupiga mara mbili, halafu ataanza kuukwepa, nawe utadhani ni mwoga. Saizi ya 3 ina mzunguko wa karibu sentimita 60 na ni nyepesi zaidi. Usiijaze upepo ukawa mgumu kama jiwe. Kwenye uwanja wenye mashimo na vishina vya nyasi, mpira mgumu unadunda hadi kifuani mwa mtoto na kumkimbia. Punguza upepo mpaka kidole gumba, ukikandamiza kwa nguvu, kizame kama sentimita moja. Mpira wa namna hiyo unakaa karibu na mguu.

Mipira ya juala ambayo wengi wetu tulikulia nayo imeadimika tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini Agosti 2017. Badala yake, chukua mabaki ya sponji ya godoro, yakunje yawe donge la sentimita kama 15, yatie ndani ya soksi kuukuu, kisha zungushia vipande vyembamba vya tyubu ya baiskeli, ukivivuta kila upande mpaka donge liwe duara. Sponji inaufanya uwe mwepesi. Ukitumia vitambaa vitupu ndani utapata kitu kizito tangu mwanzo, na baada ya mvua hakuna mtoto atakayeweza kukisukuma. Kwa kufundisha kukokota, huu mpira usiodunda unafaa hata kuliko wa ngozi.

Kabla ya kumwaga mipira uwanjani, malizia jambo la viatu. Katika kundi lolote utakuta watano wenye viatu vya njumu, kumi wenye raba na waliobaki peku. Njumu juu ya vidole vya mtoto aliye peku ni kilio, na kesho yake mama hamwachilii tena. Sheria yangu ni kwamba njumu zinavuliwa, mwenye raba abaki nazo. Kwa sababu hiyo pita uwanjani mapema uokote miiba na vioo, hasa karibu na njia ya watu.

Chora kila kitu kabla ya mtoto wa kwanza kufika

Dakika nyingi za mpira hupotea wakati kocha anahamisha koni huku watoto wakimtazama. Dawa yake ni kuchora viwanja vinne vidogo mara moja, na kuvitumia hivyo hivyo tangu mwanzo hadi mwisho.

Kila uwanja uwe hatua 22 kwa urefu na 16 kwa upana, hatua za mtu mzima. Viwanja viwili vikae ubavuni, viwili mbele yake, na kati yake uache njia ya hatua tatu ya wewe kupita. Vyote vinaenea katika nusu ya uwanja wa kawaida. Mistari ichore kwa jivu la jikoni. Usitumie chokaa ya wajenzi, inaunguza ngozi na macho, na watoto hawa huanguka kila dakika. Magoli ni chupa za maji za nusu lita zilizotiwa mchanga hadi katikati ili upepo wa ziwa usiziangushe. Kila uwanja una magoli manne, mawili kila upande, na kila goli lina upana wa hatua mbili, hatua moja tu kutoka pembeni. Yaani magoli yako kwenye pembe, na katikati hakuna goli. Sababu yake itaonekana mbele.

Anza saa mbili na nusu asubuhi. Mchana jua la Kisumu halina huruma, na alasiri mara nyingi ngurumo hutangulia mvua. Ukisikia radi hata ya mbali, watoto waingie darasani papo hapo, wala si chini ya mwembe.

Mtoto akifika, anapewa mpira

Watoto hawafiki pamoja. Wa kwanza atafika saa mbili na robo, wa mwisho saa mbili na nusu. Kocha anayesubiri wote wafike ndipo aanze anawafundisha waliowahi kwamba kuwahi ni hasara. Mtoto akiingia mwambie, "Chukua mpira, ingia uwanja wa kwanza, nionyeshe unavyoukokota bila kugonga mtu." Wa pili naye vivyo hivyo. Mipira ikiisha, anayefika anaunganishwa na aliyemtangulia, na wanaanza kunyang'anyana, mmoja kwa mmoja. Huhitaji kueleza sheria, watoto wanazijua.

Saa mbili na nusu ikigonga una wawili wawili, kila jozi na mpira wake. Hapo ita. Simama wewe ukilitazama jua ili wao walipe mgongo, mipira iwe chini ya nyayo, na useme kwa muda usiozidi nusu dakika. Ukiona wa pembeni ameanza kuchora mchangani kwa kidole cha mguu, umeshapitiliza.

Geti

Mchezo huu unachukua dakika 15 na unatatua shida ya mipira nusu ya watoto. Katika kila jozi mmoja ana mpira, mwenzake ni geti. Mageti yote 12 yanatawanyika katika viwanja viwili, yamesimama na miguu imepanuliwa. Wenye mipira wanakokota na kupitisha mpira katikati ya miguu ya geti lolote, wanauzunguka mwili wa geti, wanaukuta mpira upande wa pili na kukimbilia geti jingine. Kwa lugha ya watoto wenyewe ni kupiga chobo, na hakuna mtoto wa Kisumu asiyetaka kupiga chobo. Geti lile lile haliruhusiwi mara mbili mfululizo.

Baada ya sekunde 45 piga filimbi, wabadilishane. Usiongeze muda. Mtoto wa miaka 6 akisimama kama geti dakika mbili ataanza kukaa chini. Ukiwabadilisha upesi, kusimama kwake ni kupumzika tu.

Raundi mbili za kwanza ziwe hivyo. Kisha geti lipewe uhai: linaweza kufunga miguu likiona mpira unakuja taratibu. Sasa mwenye mpira analazimika kuinua kichwa na kutazama kabla ya kupiga, bila wewe kupaza sauti "tazama juu!" hata mara moja. Raundi ya tano na ya sita, geti linaweza kunyoosha mguu mmoja kuugusa mpira unaopita karibu. Mpira ukiguswa, hakuna kutoka. Mwenye mpira anaukanyaga kwa wayo mara tano, kulia kushoto, na kuendelea.

Hapo niseme kuhusu michezo ya kutoana, ile ambayo ukipoteza mpira unakaa kando. Inapendwa kwa sababu ina kelele na mshindi. Lakini wa kwanza kutolewa ni yule yule kila wiki, naye ndiye aliyekuwa na haja ya mpira kuliko wote. Mpe adhabu yenye mpira mguuni, arudi mchezoni.

Msaidizi wako asisimame na filimbi ya pili. Kazi yake ni kurudisha mipira iliyotoroka, ili mtoto asitumie dakika nzima akiifukuza hadi barabarani.

Watatu kwa watatu, magoli manne

Baada ya maji, dakika 25 ni za mechi. Viwanja vinne, watoto sita kila kimoja, bila kipa. Hesabu ile ya mwanzo irudie: sekunde 1,200 kwa watoto sita ni sekunde 200 kwa kila mmoja, mara nne ya mechi ya kundi zima. Mpango huu wa watatu kwa watatu wenye magoli manne ulienezwa na Horst Wein, kocha Mjerumani aliyetokea kwenye hoki, na Ujerumani yenyewe imefanya mechi za timu ndogo kama hizi kuwa za lazima kwa watoto wadogo tangu msimu wa 2024/25.

Magoli mawili kila upande yana kazi yake. Weka goli moja katikati, na watoto wote sita watajazana mbele yake kama siafu, mpira umefichwa katikati ya miguu kumi na miwili. Magoli yakiwa pembeni, mtoto aliyezuiwa upande mmoja anaona upande wa pili uko wazi na anageuka. Hajaambiwa apanuke, goli lenyewe limemwita.

Sheria ni tatu tu. Bao linahesabiwa ukiwa umevuka nusu ya uwanja, ili mtu asipige kutoka mbali na mpira ukaenda kutafutwa. Mpira ukitoka, aliye karibu zaidi wa timu inayostahili anauweka chini na kuingia nao akiukokota, na wapinzani wanampa hatua tatu. Hakuna kurusha kwa mikono, maana watoto wa umri huu wakirusha mpira unatoka tena. Na hakuna kichwa. Mipira ya akiba, kwa kuwa mechi zinatumia minne na minane imebaki, iweke miwili kando ya kila uwanja. Mpira ukienda mbali, mwingine unaingia mara moja.

Kila mechi ni dakika nne. Kisha ngazi: timu iliyoshinda inapanda uwanja mmoja, iliyoshindwa inashuka, na sare ikitokea anapanda aliyefunga wa mwisho. Bila bao lolote, wacheze jiwe, karatasi, mkasi kwa mikono. Uwanja wa kwanza ni wa juu, wa nne wa chini. Mshindi wa uwanja wa kwanza anabaki, na aliyeshindwa wa uwanja wa nne anabaki. Baada ya mechi tatu wale wenye kasi wamekutana wenyewe kwa wenyewe, na wale wapya nao wamepata wa kiasi chao. Wewe hukumtaja mtoto yeyote kuwa dhaifu.

Hapo ndipo utaona tofauti kwa macho. Chukua mfano wa msichana mmoja mdogo, sweta ya shule imemfunika hadi vidole, amesimama kando ya chupa na hakimbii. Katika mechi ya kwanza yuko na mvulana anayechukua mpira kila mara na kufunga peke yake. Timu inashinda, inapanda, na katika dakika nane za mechi mbili msichana huyo ameugusa mpira mara mbili, zote kwa bahati. Ngazi haikumsaidia, kwa sababu inapandisha timu nzima, na mvulana anambeba kama mzigo. Kwa hiyo kuanzia mechi ya tatu vunja timu: aliyefunga zaidi katika kila timu iliyoshinda anapanda peke yake, na mmoja wa timu iliyoshindwa ya uwanja wa juu anashuka mahali pake. Mvulana akikwama uwanja wa kwanza na wenzake wa kasi hiyo hiyo, msichana anabaki uwanja wa tatu bila mtu wa kumchukulia mpira. Mpira ukimjia, hapana wa kumpa, inabidi acheze. Mara ya kwanza ataupiga tu uende zake. Mara ya tatu au ya nne mikono inatoka kwenye sweta.

Kocha naye afanye nini wakati huo? Anyamaze zaidi ya anavyozungumza. Ukipaza sauti "toa pasi! toa pasi!" kwa mtoto wa miaka 7, unamnyang'anya mpira kwa mdomo. Kukokota ndiko umri huu unakokuhitaji, pasi itakuja yenyewe kichwa kikianza kuinuka. Na wazazi walioketi kwenye mizizi ya mti waombe kwa heshima: "Baba, mama, tushangilie tu, tusiwaelekeze."

Kupima kama kweli wanaugusa

Usiamini kelele. Uwanja unaweza kuchangamka huku watoto sita hawajaona mpira. Tia vijiwe kumi kwenye mfuko wa kulia. Chagua mtoto mmoja mkimya, mtazame yeye peke yake kwa dakika mbili za mechi, na kila akipata mpira hamisha kijiwe kimoja mfuko wa kushoto. Mguso wa bahati mgongoni hauhesabiki. Baadaye fanya vivyo hivyo kwa mwingine.

Kipimo changu katika watatu kwa watatu ni vijiwe vinne au zaidi kwa dakika mbili. Vikiwa viwili au kimoja, tatizo huwa mojawapo ya haya: uwanja ni mpana mno na mtoto anakimbia tu bila kufika, mpira unakaa nje muda mrefu, au kuna mwenzake anayemeza kila kitu. La kwanza punguza hatua nne kwa urefu. La pili ongeza mpira wa akiba na usogeze msaidizi hapo. La tatu mpandishe yule mwenzake hata kama ngazi haijafika.

Idadi isipokaa sawa

Siku nyingi hupati 24. Wakija 25, uwanja mmoja uwe wanne kwa watatu. Wakija 26, viwanja viwili viwe hivyo. Wakija 23, uwanja mmoja uwe watatu kwa wawili, na wale wawili uwape mwenye kasi mmoja. Usimkalishe mtoto kama akiba, na usimweke msaidizi wako mkubwa ndani kujaza nafasi, maana mpira wote utakuwa wake. Wakizidi 28, chora uwanja wa tano hapo kwenye njia ya nyuma ya goli kubwa, hata ukiwa mwembamba kidogo.

Mipira ikipungua hadi minane, geti linachezwa na watatu watatu: mmoja na mpira, wawili mageti, sekunde 30 kila zamu. Ikipungua hadi minne, ruka geti kabisa, anza mechi za watatu kwa watatu tangu watakapokuwa sita, na ongeza uwanja mwingine kila wanapofika sita wengine. Usirudi kwenye foleni.

Mvua ikiwa imenyesha usiku, udongo mweusi wa upande wa Nyamasaria unanata kwenye mpira na kwenye miguu, na kukokota kunakuwa kazi ya punda. Siku hiyo hamia sehemu yenye nyasi au murramu hata ikiwa ndogo, viwanja viwe hatua 16 kwa 12, na mipira ya sponji ibaki kwenye gunia kwa sababu itakunywa maji. Mechi ziwe za dakika tatu. Ukimaliza, osha mipira ya ngozi kwa maji kabla tope halijakauka, ipanguse, na iache kivulini, kwa kuwa jua la mchana hufungua mishono upesi kuliko mateke ya watoto.